Jungu Kuu na Kalamu Nyekundu

Swali lilikuwa la mstari mmoja: "Eleza maana ya methali hii: Jungu kuu halikosi ukoko. (alama 4)." Lilikuwamo katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ambao shule kadhaa za pwani ya Kenya ziliutunga kwa pamoja, nasi walimu sita tukakutanishwa kwenye maktaba ya shule moja ili tuusahihishe. Mwongozo wa kusahihisha nao ulikuwa wa mstari mmoja: "Wazee hawakosi busara." Basi. Chai ya saa nne haijafika, tumeshagombana.

Ugomvi uliletwa na karatasi ya mwanafunzi aliyeandika hivi: "Mtu aliyekuwa tajiri hata akifilisika huwezi kumfananisha na maskini wa tangu hapo. Utakuta bado ana minazi yake au kijumba cha kupangisha. Ni kama chungu kikubwa, wali ukishapakuliwa wote bado chini kuna ukoko." Mwenzangu aliyepangiwa swali hilo aliikata kwa wino mwekundu akaandika sufuri. Nilipomwuliza sababu, alinionyesha mwongozo kwa ncha ya kalamu. Hapa, akasema, hakuna tajiri. Kuna mzee.

Kwa mwongozo ule alikuwa sawa. Lakini mimi methali hii niliisikia kwa bibi yangu kabla sijajua kusoma, na hata siku moja hakuisemea mzee. Aliisemea jirani yetu aliyeuza duka lake kwa madeni, ambaye kila Idi bado alitoa sinia la watu wanane. "Jungu kuu hilo," bibi alikuwa akisema, na nusu ya pili ya methali hakuhitaji kuimaliza. Sasa nifanyeje? Nimpe sufuri mtoto aliyesema aliyoyasema bibi?

Ili kujua nani ana haki, ilibidi turudi jikoni. Jungu ni chungu kilichokuzwa: ukiondoa kiambishi cha chungu ukaweka cha ukubwa unapata jungu, kile chombo cha udongo cha kupikia chakula cha watu wengi, cha harusi au cha hitima. Neno "kuu" linaongeza jambo. Si ukubwa wa kiwiliwili peke yake, ni ukubwa wa hadhi pia, kama katika "mwalimu mkuu" na "sikukuu", na masikio ya Mswahili hayako mbali na "kuukuu", kitu cha siku nyingi kilichotumika hadi kikachoka. Ukoko ni lile tabaka linaloshika chini ya chungu chakula kinapoiva. Kwa wali wa kupaliwa, makaa yakiwa juu ya kifuniko na moto mdogo chini, ukoko hutoka mkavu wa rangi ya dhahabu, na watoto huugombania. Kwa ugali, ukoko ni ule unaobanduka ukiacha sufuria ipoe. Na kuna ukoko wa mpishi aliyesahau jiko, mweusi, mchungu, unaolowekwa maji usiku kucha na kukwanguliwa asubuhi.

Picha ndiyo hiyo, na kila fasiri ya methali hii imetoka humo. Anayelishika neno "kuu" upande wa umri anapata mzee: chungu kilichopika miaka mingi, ambacho hata leo ukikichokora hakikosi kitu, yaani mzee hakosi neno la busara. Anayelishika upande wa hadhi na mali anapata tajiri aliyeanguka. Njia zote mbili zinaanzia kwenye chombo kilekile na kupita kwenye ukoko uleule, ile akiba inayobaki baada ya chakula kwisha. Ndiyo maana tunaweza kuziita fasiri mbili halali za methali moja. Hatuzipi hadhi hiyo kwa huruma ya mwalimu wala kwa kuwa kila mtu ana haki ya maoni yake. Zote mbili zinaweza kuonyesha zilikotoka.

Nilipoyasema haya, yule mwenzangu aliyetoa sufuri akatoa karatasi nyingine kwenye rundo lake na kuisukuma mbele yangu. "Haya, Mwalimu. Na huyu?"

Huyu alikuwa ameandika: "Ukoo mkubwa haukosi mtu mbaya. Ukoko ni chakula kilichoungua. Chungu kikubwa lazima kiunguze kidogo chini, na familia kubwa lazima itoe mwizi au mlevi mmoja. Mtu anaweza kuisema methali hii kumfariji mzazi ambaye mwanawe amefungwa."

Maktaba ilinyamaza kidogo. Hili si jibu la mtoto mvivu. Chungu amekipa maana (ukoo), ukuu ameupa maana (wingi wa watu), ukoko ameupa maana (aliyeharibika), kisha akataja anayeisema methali, anayeambiwa, na siku ya kusemwa. Walimu wengi hawamfikii kwa mpango huo. Lakini je, methali inasema hivyo?

Mwalimu wa Lamu alikataa katakata. Kwao, alisema, ukoko ni tunu, hakuna mtu wa kumfananisha mwizi na ukoko. Mwalimu mwingine, ambaye kwao ni bara na wali waliupika kwa sufuria nyembamba juu ya kuni, akacheka na kusema kwao ukoko ulikuwa wa kuku. Nikaona kwamba tunabishania mapishi.

Tulijaribu kwanza kumkataa kwa sarufi. Mmoja wetu alidai kwamba "halikosi" hutumika kwa kitu kizuri tu, kwa hiyo ukoko lazima uwe mzuri. Hoja hiyo haikudumu hata dakika moja, kwa sababu kila mtu mezani aliijua "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni", na kamba mguuni si zawadi. Kwa hiyo kitenzi chenyewe hakituambii kama kisichokosekana ni neema au ni balaa.

Hoja ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Kiswahili kina methali nyingine ya jambo hilohilo: "Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo." Mtu akitaka kusema kwamba kundi kubwa halikosi wasiofaa, chombo chake kipo tayari. Huo ni ushahidi, lakini hauthibitishi kwamba jungu haliwezi kuibeba maana hiyo pia. Methali zinapishana kila siku, kama "Haba na haba hujaza kibaba" na "Chururu si ndo ndo ndo", na hakuna anayesema mojawapo ifutwe.

Kilichotusaidia mwishowe ni swali la kizamani kabisa: nani ameisikia ikisemwa hivyo? Wazee wa fasihi simulizi hutufundisha kwamba methali haina maisha nje ya tukio lake. Ina msemaji, ina msikilizaji, ina sababu. Kati ya sita tuliokuwapo, wanne tuliwahi kuisikia ikisemewa mzee, watatu tajiri aliyeishiwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia ikisemewa mwizi wa ukoo. Sita si wengi, najua. Lakini mtihani hausahihishwi na taifa zima, husahihishwa na watu waliokaa mezani, na angalau sasa tulikuwa na sababu ya kuandika kwenye mwongozo.

Tukaugawa ule mzigo wa alama nne, jambo ambalo watungaji wangelifanya tangu mwanzo. Alama moja kwa maana ya juu: mwanafunzi aonyeshe kwamba anajua jungu ni nini, ukoko ni nini, na kwamba chungu kikubwa hata kikipakuliwa hubaki na kitu chini. Alama mbili kwa maana ya ndani: moja kwa kusema ni nani au nini kinachowakilishwa na jungu, moja kwa kusema ukoko unawakilisha nini na kwa nini haukosekani. Alama ya nne kwa matumizi: tukio ambalo mtu angeisema methali hiyo na ikaingia.

Baada ya mgawo huo mwanafunzi wa tajiri alipata nne zote. Mwandishi wa ukoo tulimpa alama ya picha bila ubishi. Katika maana ya ndani tulimpa moja kwa jungu, kwa sababu ukoo mkubwa ni "kuu" kwa kipimo chochote, na ya ukoko tukamnyima, kwani aliugeuza kuwa dosari bila matumizi yanayojulikana kumuunga mkono. Katika tukio ndipo tulipogawanyika. Watatu walisema tukio lake limejengwa juu ya fasiri ile iliyokataliwa, kwa hiyo lianguke nayo. Watatu, nami nikiwamo, tulisema kosa moja lisiadhibiwe mara mbili: akishanyimwa alama ya ukoko, tukio lipimwe kama linaoana na fasiri aliyoitoa. Kanuni hiyo tunaitumia katika ufahamu na katika sarufi, sioni sababu ya kuiacha mlangoni tunapofika kwenye methali.

Kuna majibu mawili mengine ambayo nayaeleza kwa haraka, kwa kuwa kila msahihishaji anayajua. La kwanza: "Ukipika chakula kingi lazima kingine kigande chini." Huyu ameeleza chungu na kuishia kwenye chungu. Ana alama moja, ya picha. La pili: "Methali hii inatufundisha kwamba mtu akitia bidii hatakosa mafanikio." Huyu hana hata moja, na nawaomba wenzangu wasimwonee huruma. Hakuna bidii ndani ya jungu lile. Ni jibu la kukariri ambalo mwanafunzi hulibeba kama funguo bandia, akilijaribu kwenye kila methali kuanzia "Mtaka cha mvunguni" hadi "Mgaagaa na upwa", na ole wetu mara nyingine hufungua. Kipimo chake ni rahisi: ifunike methali kwa kiganja, usome jibu peke yake, kisha ujiulize kama linaweza kukaa chini ya methali nyingine yoyote bila kubadilishwa neno. Kama linaweza, mwandishi wake hakuisoma methali.

Msomaji asiyekuwa mwalimu anaweza kuona huu ni ugomvi wa alama nne tu. Lakini methali haiishii kwenye swali dogo. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya kwanza ya Kiswahili, ile ya insha inayoandikwa 102/1, ina alama 40. Mtahiniwa huandika insha mbili za alama 20 kila moja: ya kwanza ni ya lazima, ya pili huchagua, na miongoni mwa anazochagulia aghalabu kuna ya methali. Huko hakuna anayemwuliza maana. Anaambiwa atunge kisa kitakachoidhihirisha maana, na kisa hicho kiwe na maneno yasiyopungua 400. Kwa hiyo fasiri yake haionekani katika sentensi moja unayoweza kuikata au kuipa vema, imefichwa ndani ya hadithi ya kurasa mbili.

Sasa fikiria mtahini aliyekaa na fasiri moja kichwani, ya mzee, na mbele yake kuna hadithi nzuri ya mfanyabiashara aliyefilisika lakini hakushindwa kumlipia mpwawe karo. Miongozo ya insha hupanga kazi kwa ngazi nne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Miongozo mingi ya shule ina sharti kwamba aliyepotoka kimaudhui, yaani aliyeandika kisa kisichoihusu methali, awekwe katika D hata kama lugha yake inameremeta. Mtahini yule akiamua kwamba mfanyabiashara si mzee na kwa hiyo mtoto amepotoka, kisa cha alama 15 kinashuka hadi 3. Katika karatasi ya alama 40, hapo pamekwenda alama 12 kwa sababu ya jambo ambalo mtoto hakulikosea.

Sharti la kupotoka lenyewe si baya. Lipo kwa sababu nzuri: wako wanafunzi wanaoingia na hadithi waliyoikariri, ya ajali ya matatu au ya wizi wa benki, na kuibandika methali mwishoni kama stempu. Ubaya ni sharti kutumiwa na mtu asiyejua methali inaweza kwenda wapi. Hapo ndipo ile kanuni ya "pande mbili", ambayo wanafunzi wa insha huifahamu sana, inapofaa kuliko orodha ya fasiri. Katika methali nyingi kuna upande wa hali na upande wa tokeo. Katika jungu, upande mmoja ni ukuu uliokuwapo, wa pili ni kibaki kisichokosekana. Msahihishaji asianze kwa kutafuta mzee au tajiri. Atafute kama kisa kinaonyesha ukuu, kisha kama kinaonyesha kibaki. Mfanyabiashara aliyetajwa kwamba "alikuwa tajiri" kwa sentensi moja, kisha kurasa mbili zikaeleza karo ya mpwa, ameegemea upande mmoja na atashuka kwa sababu hiyo. Hiyo ni haki. Kushushwa kwa kuwa si mzee si haki.

Kuna aina ya tofauti ambayo haitokani na mapishi wala na mila, inatokana na neno lenyewe kupotea masikioni mwa vijana. Katika mtihani uleule kulikuwa na "Maji ya kifuu bahari ya chungu." Kifuu ni kile kigumba kitupu cha nazi baada ya nazi kukunwa. Na chungu hapa ni mdudu, sisimizi kama wengi wanavyomwita sasa. Maji yaliyobaki ndani ya kifuu, ambayo wewe ungeyamwaga bila kuangalia, kwake ni bahari.

Vijana wengi wa leo wanajua chungu cha kupikia na dawa chungu. Chungu mdudu hawajawahi kukutana naye. Kwa hiyo nilipata majibu kama haya: "Maji hata yakiwa kidogo yanaweza kuwa machungu kama ya bahari, yaani tatizo dogo linaweza kuleta uchungu mkubwa." Je, hii nayo ni fasiri nyingine halali? Hapana, na hapa sarufi inatosha. Ingekuwa ni ladha, tungesema "bahari chungu", kama tunavyosema "dawa chungu". Kile "ya" katikati kinatuambia kwamba chungu ni jina, ni mwenye bahari. Na jina hilo haliwezi kuwa chungu cha kupikia, kwa sababu maji ya kifuu ndani ya chungu cha kupikia hayafuniki hata sakafu yake, yatakuwaje bahari? Anabaki mdudu. Na mwenye shaka bado ana methali nyingine ya kumtegemeza: "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno." Ni mdudu yuleyule, na mizani ileile ya kitu duni kwa mmoja kinachokuwa neema kwa mwingine.

Lakini tazama alipofikia yule kijana. Tatizo dogo, uchungu mkubwa. Hayuko mbali na ukweli. Mmoja wa wasahihishaji alitaka kumpa alama zote za maana ya ndani kwa kuwa "ameelewa". Nilipinga. Amefika karibu na nyumba kwa kupitia njia isiyofika. Alama ya picha hana, kwa sababu hajui nani yumo kwenye picha. Katika maana ya ndani nilimpa nusu ya alama zake, kwa kuwa ameushika upimaji wa kidogo dhidi ya kikubwa, lakini ameikosa nguzo ya methali: kwamba ukubwa unategemea anayepima. Katika jibu lake kila mtu ataona uchungu uleule. Katika methali, wewe unaona tone na mwenzio anaona bahari.

Ndani ya fasiri sahihi ya methali hiyo kuna pande mbili nyingine, na hizo zote nilizipa alama kamili. Kuna aliyeandika kwamba inatufundisha tusidharau shida ya mnyonge, kwa mfano shilingi mia mbili ambazo bosi anamkata mfanyakazi wa nyumbani. Kuna mwingine aliyeandika kwamba ni ya kumcheka mtu mwenye upeo mfupi, yule anayepewa cheo cha kiranja akajiona waziri. Huyu wa kwanza anaisema kwa huruma, wa pili kwa dhihaka. Mwongozo ulikuwa na huruma tu. Lakini mdudu ndani ya kifuu anaweza kuhurumiwa na anaweza kuchekwa, na sauti ya msemaji haiandikwi kwenye methali, huletwa na tukio. Tofauti ya namna hii, ya sauti, ndiyo inayonyimwa alama mara nyingi zaidi, kwa kuwa msahihishaji akisoma maneno ya dhihaka pale alipotarajia huruma huhisi kwamba mtoto amegeuza maana. Hajaigeuza. Amebadilisha kinywa tu.

Wenzangu wengine husema: kwa nini tusifungue kamusi tukamaliza? Kamusi tunazo. Kuna ya Ahmed Ndalu na Kitula King'ei, kuna ya Kyallo Wamitila, na ukitaka kurudi nyuma zaidi, mmisionari William Taylor aliyekaa Mombasa alichapisha mkusanyiko wake mwaka 1891. Mimi huzifungua, na mtungaji wa mtihani asiyezifungua ni mzembe. Lakini kamusi ya methali inakueleza namna methali ilivyosikika kwa mwandishi wake na kwa aliowauliza. Fasiri iliyomo inampa mwanafunzi haki ya kupata alama. Isiyokuwamo haimpi mwalimu haki ya kumnyima, inampa kazi ya kuipima.

Na kazi hiyo ifanywe lini? Kabla, si katikati. Kosa letu kubwa siku ile lilikuwa kuanza kusahihisha moja kwa moja. Meza inayojua kazi yake huchagua kwanza karatasi kumi hivi kutoka shule tofauti, kila msahihishaji akazipitia peke yake kwa penseli, kisha alama zikasomwa kwa sauti. Penye tofauti ya alama mbili katika swali la alama nne, pana fasiri ambayo mwongozo haukuiona, au pana msahihishaji ambaye hajaelewa. Vyote viwili vinatibiwa hapohapo, na fasiri mpya inaandikwa kwenye mwongozo kwa maneno, pamoja na alama zake, kabla rundo halijafunguliwa. Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumeshasahihisha theluthi nzima, ikabidi turudi nyuma, na wino mwekundu haufutiki.

Kuna sentensi moja ambayo watungaji huiweka mwishoni mwa mwongozo wakidhani imemaliza tatizo: "Kadiria majibu mengine ya mwanafunzi." Naomba iondolewe. Inamwachia kila msahihishaji akadirie kwa kipimo chake, na walimu sita watakadiria mara sita. Mwanafunzi wa tajiri angepata nne kwangu na sufuri kwa mwenzangu, na sote wawili tungekuwa tumeufuata mwongozo. Andikeni badala yake kile kinachotafutwa: jungu linawakilisha nini, ukoko unawakilisha nini, kwa nini haukosekani, na tukio la kuisemea. Maneno kama hayo humpa msahihishaji wa usiku wa manane, aliyebakiza karatasi thelathini, kitu cha kushika.

Na swali lenyewe litungwe upya. "Eleza maana" hutoa majibu ya sentensi moja, kisha tunalaumu wanafunzi kwa ufupi. Mtahiniwa aambiwe wazi: eleza maana ya juu, maana ya ndani, na utaje hali moja ambayo methali hii ingefaa kusemwa. Kwa kufanya hivyo tunampa nafasi ya kutuonyesha njia aliyopita, nasi tunapata cha kupima hata pale alipopita njia tusiyoitarajia. Mtoto aliyesema "tajiri" bila kueleza lolote angebaki sawa na anayebahatisha. Aliyesema tajiri, akataja minazi na kijumba cha kupangisha, hakubahatisha.

Jioni ile tuliurudia ule mrundo wote. Karatasi ya tajiri ilitoka sufuri ikawa nne. Ile ya ukoo na mwizi tuliifunga kwa alama tatu baada ya kura kugawana tatu kwa tatu na mwenyekiti wa meza kuamua, na Mwalimu wa Lamu alitia saini yake akiwa bado anasema ni mbili.